Shikamoo inakwama mlangoni kwa wakwe: niwaombe nini wanaonisikiliza? (Ujiji, Kigoma)

Dagaa_Kibirizi
Wakuu habari zenu. Nina miaka 29, nafanya biashara ya dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, na nina kigugumizi tangu utoto. Kwenye kazi hakinisumbui sana, maana wateja wananijua na mizani haihitaji maneno mengi. Kinaniumiza kwenye salamu.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Ujiji kujitambulisha kwa kina binti ninayetaka kumuoa. Nilifika saa kumi jioni. Babu yake amekaa barazani, pembeni shangazi na wajomba wawili. Nikavua viatu, nikainama, nikampa babu mkono. Shikamoo ikagoma. Siyo kwamba nilikuwa narudiarudia "shi-shi-shi". Hakuna sauti kabisa. Mdomo umekaa tayari kwa neno, shingo imekaza, hewa haitoki. Babu akaninyanyulia uso, akasubiri kidogo, akaona huyu kijana ameshika mkono wake na anamkodolea macho hasemi kitu. Akasema "Marahaba, karibu." Yaani aliitikia salamu ambayo sikuitoa. Na mimi neno lenyewe likatoka palepale yeye akiwa ameshamaliza, kwa hiyo nikasema shikamoo juu ya marahaba yake. Mjomba mmoja akacheka. Shangazi, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Vuta pumzi baba, usiogope, hapa ni nyumbani."

Kisha likaja swali la jina. Jina langu linaanza na K, na K ndiyo adui yangu mkubwa kuliko herufi zote. Nikaona babu ananitazama mdomo, shangazi anatikisa kichwa kana kwamba ananisukuma nitoe. Nikasema "Saidi". Saidi ni jina la baba yangu. Mshenga alipokwenda wiki iliyofuata akataja jina langu halisi, na sasa kuna mjomba anauliza kwa nini nilidanganya jina siku ya kwanza.

Nakwenda tena Jumapili ijayo. Sitafuti dawa kwenye uzi huu. Nataka kujua niwaombe nini hasa wale watu wa barazani, ili wasikae roho juu na mimi nipate nafasi ya kusalimia kama mtu mwingine. Mjomba nitamweleza mwenyewe.

Kijana_wa_Gungu
Pole sana kaka. Hii ni woga tu. Mimi nilikuwa na rafiki sekondari, akiwa na sisi anaongea vizuri, akiitwa na mwalimu anakwama. Tulikuwa tunamwambia avute pumzi ndefu na aongee polepole, inasaidia. Wakwe wanatisha kila mtu, hata asiye na kigugumizi. Vuta pumzi tatu kabla ya kuingia.

Mpunga_Lugufu
Mpeleke hospitali wamkate udata. Kile kiuzi chini ya ulimi kikiwa kifupi mtoto hawezi kutamka. Mdogo wangu alikatwa akiwa mchanga na sasa anaongea kama redio. Dakika tano tu.

Dagaa_Kibirizi
Mpunga, mimi ni mtu mzima, siyo mtoto. Na ulimi wangu natoa nje mpaka kidevuni.

Mwl_Urambo
Kaka Dagaa, mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, niko mkoa wa Tabora, na mdogo wangu wa kuzaliwa naye ana kigugumizi. Nianze na mambo mawili yaliyosemwa hapo juu, kisha nirudi barazani.

Udata ni jambo jingine. Unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na mara nyingine matamshi ya herufi fulani. Mwenye kigugumizi hashindwi kutamka. Kaka Dagaa anajua kusema K, na akiwa peke yake chumbani nina hakika anaisema bila shida. Ulimi unaokatwa utabaki na kigugumizi kilekile na kidonda juu yake.

Kijana wa Gungu yuko nusu ya njia. Woga unakizidisha, ni kweli, ndiyo maana rafiki yako alikwama mbele ya mwalimu. Lakini haukianzishi. Kwa wengi kinaanza kati ya miaka miwili na mitano, wakati mtoto anaanza kuunga sentensi, na mara nyingi utakuta kwenye ukoo yupo mwingine. Wako watu jasiri kupindukia wenye kigugumizi.

Na kuhusu "vuta pumzi", hapa ndipo wasikilizaji wengi wema wanapokosea. Mtu aliyekwama kama alivyoeleza kaka hana upungufu wa hewa. Hewa ipo kifuani, imefungiwa kooni. Nyuzi za sauti zimebana na hazifunguki kwa wakati wake. Ukimwambia avute nyingine, anajaza kifua kilichojaa, anabana zaidi, na sasa ana kazi mbili: kutoa neno na kutii agizo lako mbele za watu. "Taratibu" ni vilevile. Inaweza kusaidia sentensi moja, kisha inakufa. Anachobaki nacho ni ujumbe kwamba namna anavyoongea imekukera.

Sasa kwa nini salamu. Fikiria maneno mengine yote: mwenye kigugumizi akiona "samaki" inakuja kukwama, anasema "kitoweo". Anakwepa, na wewe hujui kama amekwepa. Shikamoo haina mbadala. Ukisema "habari za jioni mzee" kwa babu wa miaka 70, huku kwetu umemkosea. Jina nalo halina mbadala, ndiyo maana kaka akaazima la baba yake. Siyo uongo wa tapeli, mdogo wangu aliwahi kujiita majina mawili tofauti kwenye basi moja. Juu ya hapo salamu ni neno la kwanza kabisa, linatakiwa mara moja, na anayelipokea ni mkubwa. Yote yamerundikana kwenye neno moja.

Fundi_Isevya
Mwalimu umenisemea. Nina kigugumizi pia, nashona nguo hapa Tabora mjini. Mimi nikitaka kumsalimia mzee mgumu nasubiri tukiwa wawili watatu, tunasema shikamoo pamoja. Haikwami hata siku moja. Na msikitini tukiitikia Amina pamoja natoa sauti kuliko wote.

Kijana_wa_Gungu
Sasa si dawa hiyo? Dagaa aende na rafiki wasalimie pamoja.

Mwl_Urambo
Ukisema kwa pamoja na wenzako, au ukiimba, kwa wengi kigugumizi kinapungua au kinatoweka kabisa. Hilo Fundi kalieleza vizuri. Lakini halibebeki. Wakimaliza shikamoo ya pamoja, babu atamgeukia kaka peke yake: "Na wewe jina lako nani?" Tutakuwa tumerudi palepale, tena wote wametulia kimya wanasikiliza.

Bibi_wa_Mwanga
Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima, nina nyumba ya kupangisha Mwanga. Nitasema upande wa msikilizaji kwa sababu ninyi wote mnasema upande wa msemaji.

Nilipata mpangaji, kijana wa Buhigwe, fundi umeme. Miezi miwili ya kwanza nilijua hana adabu. Asubuhi nafagia, anatoka chumbani, ananiona, anasimama kama mita tatu, ananitazama, kisha anapita. Nikamwambia dada yangu huyu mtoto hajalelewa. Siku moja nikaamua kumsimamisha nimwulize kwa nini hanisalimii. Nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kumbe midomo ilikuwa inacheza. Macho yanapepesa, mshipa wa shingo umesimama, na mguu wa kulia anaukanyaga chini kidogo kidogo. Alikuwa ananisalimia kila siku na mimi nilikuwa nageuka kabla haijatoka.

Nikamwuliza baadaye, tukiwa wawili, anataka nifanyeje. Akasema, "Mama, wewe endelea kufagia, usiondoke tu." Basi. Nikawa nikimwona anasimama napunguza mkono wa ufagio, namtazama usoni kama ninavyomtazama yeyote, siyo mdomoni, nasubiri.

Nitasema na hili kwa sababu hakuna anayelisema. Kusubiri kulinichosha mimi kwanza. Nilikuwa nagundua kwamba akikwama na mimi nimezuia pumzi, mabega yamepanda, meno nimeyauma kama ndiye mimi ninayesukuma lile neno. Yeye anaona vyote hivyo usoni kwangu. Nilivyojifunza ni kutoa pumzi yangu mwenyewe pole pole puani na kushusha mabega. Nikilegea mimi, uso unalegea wenyewe, sihitaji kutabasamu tabasamu la kulazimisha. Na siku moja nilihesabu kimoyomoyo. Nilidhani ananiweka dakika nzima. Sikufika tano.

Mwl_Urambo
Shikamoo mama. Hiyo hesabu yako ni kweli kwa wengi. Kukwama kwenyewe mara nyingi ni sekunde moja au mbili, na kupita sekunde tano si kawaida. Msikilizaji anaona ni muda mrefu kwa sababu kwenye salamu tumezoea jibu lije hata mkono haujashikana.

Niongeze la mkono, kwa sababu kaka alisema alikuwa amempa babu mkono. Ukiwa umeshika mkono wa mtu aliyekwama, unahisi mkazo wake mkononi, na wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili: tunaubana naye, au tunauachia haraka. Kuubana kunamwongezea. Kuuachia kunamwambia salamu imekwisha. Ushike ukiwa mlegevu, kama vile mnazungumza habari za mvua.

Kosa lililomuumiza kaka zaidi, kwa maoni yangu, ni marahaba iliyotangulia. Babu hakukosea makusudi, alimhurumia. Lakini marahaba ikitangulia, shikamoo haina tena pa kwenda. Kijana anabaki na neno mdomoni ambalo limeshajibiwa. Afadhali kimya cha sekunde nne kuliko huruma hiyo.

Bibi_wa_Mwanga
Marahaba mwalimu. Kweli kabisa. Na akimaliza asiambiwe hongera. Yule kijana wangu dada yangu alimpigia makofi siku moja. Akahama njia, akawa anapita mlango wa nyuma.

Mama_Wawili_Kasulu
Naomba kuuliza, samahani kwa kuingilia. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na nusu, amekuwa akisema "ma-ma-ma-mama nataka" kwa miezi miwili sasa. Baba yake anamkatiza, anamwambia aanze upya vizuri. Bibi yake anataka tumgonge na kijiko cha mti mdomoni. Naogopa atakuja kuwa kama kaka Dagaa. Samahani kaka, sijakusudia vibaya.

Dagaa_Kibirizi
Hujanikosea dada. Kijiko mimi nilipigwa. Sikumbuki kilinisaidia, nakumbuka kijiko tu.

Mwl_Urambo
Dada, watoto wengi wa umri huo kinawaachia chenyewe, ila hakuna anayeweza kukuahidi kwamba wako ni mmoja wao. Mzuieni baba asimwanzishe upya. Ninyi wazazi ndio mpunguze mwendo wa kuongea, mkiacha nafasi kidogo kabla ya kumjibu, naye hatakimbizana na mtu. Kikifika miezi sita au mwaka hakijapungua, au ukiona anakaza uso, anapiga mguu, au anaacha kusema anachotaka, usisubiri tena. Mpeleke hospitali ya mkoa, uulize wanaweza kukuelekeza wapi kwa mtaalamu wa matamshi. Nakwambia ukweli, wataalamu hao ni wachache nchini na huenda ukaelekezwa mbali.

Fundi_Isevya
Mimi nina la kupinga kidogo. Mnasema msimmalizie, msimmalizie. Mimi nikiwa stesheni nakata tiketi ya treni ya Kigoma, watu ishirini nyuma yangu wanaguna, nikikwama kwenye "Ki" naomba yule wa dirishani aseme "Kigoma?" nitikise kichwa tuendelee. Sitaki heshima pale, nataka tiketi.

Bibi_wa_Mwanga
Lakini salamu siyo tiketi mwanangu.

Fundi_Isevya
Ndiyo mama. Shikamoo sitaki nimaliziwe. Jina langu pia sitaki. Ila mengine inategemea.

Mwl_Urambo
Hapo sibishani na Fundi. Mdogo wangu hataki hata tiketi amaliziwe, maana aliwahi kumaliziwa akapelekwa Kaliua wakati alitaka Kaloleni. Ndiyo maana alichofanya mama wa Mwanga, kumwuliza mwenyewe mkiwa faragha, kinashinda kanuni yoyote nitakayowapa. Muulize mara moja tu, siyo kila siku.

Sasa kaka Dagaa, kwa Jumapili. Ushauri wangu ni kwamba wajulishwe kabla. Msikilizaji asiyejua anatumia zile sekunde nne kujiuliza huyu ana nini: amelewa, amenidharau, ameshikwa na kifafa. Akijua, hana cha kujiuliza, anabaki kusubiri. Ikiwezekana useme wewe mwenyewe ukishakaa: "Nina kigugumizi, maneno yangu yanachelewa kidogo." Mdogo wangu anasema sentensi hiyo ikishatoka hata kama imekwama katikati, mzigo wa kukificha unaondoka, na kukificha ndiko kunakokaza koo kuliko kitu kingine.

Bibi_wa_Mwanga
Mwalimu, kwa mzee wa Ujiji neno hilo lisimfikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa kijana mwenyewe, wala kwa ujumbe wa simu wa mjukuu. Mshenga ndiye wa kulipeleka, kwa sauti ya kawaida, pamoja na mengine aliyotumwa. Na aseme kinachotakiwa kufanywa, asiseme tu "ana tatizo". Ukimwambia mzee kijana ana tatizo atamtafutia mganga.

Dagaa_Kibirizi
Mama nimekuelewa. Nimemwandikia mshenga maneno haya, mniambie kama yanafaa:

"Kijana wetu ana kigugumizi. Akisalimia anaweza kukaa kimya kidogo mdomo ukiwa tayari. Hajasahau wala hadharau, neno liko njiani. Tunaomba msimmalizie na msimwambie avute pumzi. Shikamoo ikishatoka ndipo muitikie. Siku ile alitaja jina la baba yake kwa sababu la kwake lilikwama, anaomba radhi kwa hilo."

Mwl_Urambo
Yanafaa. Yaache hivyo hivyo.

Kijana_wa_Gungu
Kaka nimesoma uzi wote. Namfikiria yule rafiki yangu wa sekondari. Tulikuwa tunamwambia vuta pumzi kila siku na tulidhani tunamsaidia. Sasa hivi yuko Uvinza. Nitampigia.

Fundi_Isevya
Mtumie ujumbe kwanza. Simu ndiyo mbaya kuliko zote. Unapokea, "haloo" inakwama, mwenzako anasema haloo haloo mtandao huu, anakata. Kwenye simu hakuna shingo wala midomo ya kuona.

Kijana_wa_Gungu
Na nikipiga yeye akakaa kimya nifanyeje?

Fundi_Isevya
Usikate. Sema jina lako na kwamba unamsikia, kisha nyamaza. Usirudierudie haloo, kila haloo yako inamwanzisha upya.

Dagaa_Kibirizi
Wakuu narudi na mrejesho wa jana Jumapili.

Mshenga alikwenda Alhamisi. Jana nimefika saa tisa. Babu palepale barazani. Nikainama, nikatoa mkono. Imekwama, tena nadhani ndefu kuliko ya kwanza, nimekanyaga mguu mara mbili. Babu hakuninyanyulia uso kwa mshangao. Alikuwa ameushika mkono wangu, amelegea, macho yake usoni kwangu, na mkono wa kushoto anaendelea kuzungusha tasbihi yake. Shangazi aliangalia pembeni kama anatafuta kitu, nadhani ilikuwa ngumu kwake. Neno likatoka limevutwa, "Shhhikamoo babu." Akakaa kidogo, halafu akasema, "Marahaba mjukuu wangu." Sijawahi kusikia marahaba ikija mahali pake namna ile kutoka kwa mtu nisiyemzoea.

Jina nililisema. Lilikwama mara mbili kwenye K. Mjomba yule yule, katikati, akalimalizia. Babu akamwambia, "Muache, ni jina lake." Nikaanza tena, nikalisema lote.

Mjomba nimemweleza habari ya Saidi. Amesema amesikia. Hajasema amekubali. Kikao cha mahari wamekipanga baada ya mwezi, na yeye ndiye atakayekiongoza.

Bibi_wa_Mwanga
Mtangulie kumwamkia huyo mjomba peke yake, kabla ya siku ya kikao. Nenda dukani kwake asubuhi wakati hana wateja.

Dagaa_Kibirizi
Ana kibanda cha migebuka sokoni, mama. Asubuhi ndiyo kuna wateja zaidi.

Bibi_wa_Mwanga
Basi jioni, akishafunga.

Mama_Wawili_Kasulu
Kaka hongera kwa hatua. Nimemwonyesha baba watoto uzi huu jana usiku. Leo asubuhi mtoto alipoanza "ba-ba-ba", baba yake aliacha kunyoa, akamgeukia, akasubiri. Alikuwa anataka kusema baiskeli imepata pancha.